Picha mbili kwa kila hatua: usawazishaji kwa makundi na usanifishaji wa uzito

Asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na hesabu ndogo ambayo kila mmoja anaweza kuifanya kichwani.

Modeli yako inafundishwa kwa bechi ya picha mbili, kwa sababu picha ni kubwa na kumbukumbu ya kadi haibebi ya tatu. Katika tabaka la mwisho, ambako kila picha imeshabanwa hadi pikseli moja, chaneli fulani imetoa 3 kwa picha ya kwanza na 7 kwa ya pili. Usawazishaji kwa bechi, ule wa Ioffe na Szegedy wa mwaka 2015, unatafuta wastani wa chaneli hiyo, 5, na mkengeuko sanifu, 2. Unatoa wastani, unagawanya kwa mkengeuko, unapata -1 na 1. Sasa geuza: ya kwanza 3, ya pili 300. Wastani ni 151.5, mkengeuko 148.5. Majibu ni -1 na 1 tena. Tofauti kati ya 7 na 300 imefutika, na tabaka linalofuata halitajua kamwe kwamba ilikuwapo.

Mtu atasema nimechagua mfano mkali, na kweli nimeuchagua. Mara nyingi ramani ya chaneli huwa kubwa zaidi, tuseme pikseli 8 kwa 8, na picha mbili zinatupa thamani 128 za kupigia wastani. Lakini pikseli za picha moja hufanana. Thamani ni 128, mashahidi ni wawili, na kila hatua wanabadilishwa.

Athari yake huonekana zaidi modeli inapoacha kufundishwa. Wakati wa mafunzo usawazishaji kwa bechi hutumia takwimu za bechi iliyopo. Modeli ikienda kazini, hutumia wastani uliokusanywa kidogo kidogo njiani. Takwimu za bechi zikiyumba sana, vitu hivi viwili haviendani, na modeli inajikuta imefundishwa katika hali moja na kupimwa katika nyingine. Kipimo chake ni rahisi. Chukua picha zilezile za mafunzo, zipitishe mara ya kwanza ukiwa kwenye `model.train()`, mara ya pili kwenye `model.eval()`, bila kusasisha uzito. Kosa likipanda ghafla mara ya pili, tatizo liko kwenye takwimu hizo, wala si kwenye data yako. Fanya jaribio hili kwenye nakala ya modeli, maana ile hali ya mafunzo yenyewe huchezea wastani uliokusanywa.

Hapa kuna dawa moja ambayo wengi huikimbilia: kulimbikiza gradienti za bechi ndogo nyingi kabla ya kusasisha uzito. Gradienti itafanana na ya bechi kubwa, ndiyo. Takwimu za usawazishaji hazitafanana, kwa sababu zinapigwa ndani ya kila bechi ndogo inapopita. Limbikiza mara kumi na sita, bado picha zako zinasawazishwa mbili mbili.

Mwaka 2018 Yuxin Wu na Kaiming He walipendekeza kuacha kabisa kutazama bechi. Chaneli za picha moja zinagawanywa katika makundi, na wastani na mkengeuko vinapigwa ndani ya kila kundi la picha hiyo peke yake. Ukiwa na chaneli 64 na makundi 32, kila kundi lina chaneli mbili; kwa ramani ya 8 kwa 8 hizo ni thamani 128. Mnaona? Idadi ni ileile ya usawazishaji kwa bechi ya picha mbili. Faida haikutoka kwenye wingi wa thamani. Imetoka kwenye ukweli kwamba picha haihukumiwi tena na jirani yake, na hesabu ya mafunzo ndiyo hesabu ya kazini, herufi kwa herufi.

Matokeo yao kwa ResNet-50 kwenye ImageNet yanafaa kukumbukwa. Kwa picha 32 kwenye kila kadi, kosa la usawazishaji kwa bechi lilikuwa asilimia 23.6, na la makundi 24.1, njia ya zamani ilikuwa mbele kidogo. Kwa picha mbili kwenye kila kadi, ya zamani ilipanda hadi 34.7, ya makundi ikabaki palepale 24.1.

Ile nusu asilimia ndiyo inayotuleta kwenye usanifishaji wa uzito, kazi ya Siyuan Qiao na wenzake wa mwaka 2019. Usawazishaji kwa bechi, pamoja na kasoro zake, huhakikisha kila chaneli ina wastani wa sifuri. Makundi hayahakikishi hivyo. Tazameni kichujio chenye uzito nne: 0.5, 0.3, 0.4 na 0.2. Pembejeo zimetoka kwenye `ReLU`, kwa hiyo hakuna hasi, na tuseme kila moja ina wastani wa 1. Chaneli itakayotoka itakuwa na wastani wa 1.4. Jirani yake katika kundi lilelile ana uzito uleule lakini hasi wote, naye anatoa -1.4. Wastani wa kundi ni sifuri. Usawazishaji unaona mambo yako sawa na hausogezi kitu. Kisha `ReLU` inafuata, na chaneli ya pili inakuwa sifuri karibu kwa kila picha. Chaneli iliyokufa hivyo haipati gradienti ya kuifufua.

Usanifishaji unashughulikia kichujio chenyewe. Toa wastani wa uzito wake, 0.35, ubaki na 0.15, -0.05, 0.05 na -0.15. Jumla ni sifuri, hivyo wastani wa chaneli nao ni sifuri. Kisha gawanya kwa mkengeuko wa uzito huo. Pembejeo zikiwa na wastani tofauti tofauti, sifuri haitakuwa kamili, lakini ule msukumo mkubwa wa upande mmoja umeondoka. Ndani ya tabaka la konvolusheni ni mistari michache:

```python
def forward(self, x):
    w = self.weight
    m = w.mean(dim=(1, 2, 3), keepdim=True)
    v = w.var(dim=(1, 2, 3), keepdim=True, unbiased=False)
    w = (w - m) / torch.sqrt(v + 1e-5)
    return F.conv2d(x, w, self.bias, self.stride, self.padding)
```

Hesabu hii hufanyika kila hatua, na gradienti hupita ndani yake. Anayesanifisha mara moja mwanzoni kisha akaacha, amebadilisha tu thamani za kuanzia.

Swali la pale nyuma: je, inawekwa kila mahali? Hapana. Kichujio cha 3 kwa 3 chenye chaneli 64 za kuingia kina uzito 576. Ukiupa kila mmoja mkengeuko wa 1, matokeo yanatanuka takriban mara 24, ambayo ni kipeuo cha pili cha 576. Usawazishaji kwa makundi unaofuata hulirudisha tanuko hilo. Pasipo na usawazishaji baada yake, kama kwenye tabaka la mwisho la kutoa majibu, usiuguse uzito. Na konvolusheni inayotazama chaneli moja moja ina uzito tisa tu kwa kila kichujio; kutoa wastani hapo kunakizuia hata kufanya kazi rahisi ya kulainisha picha. Mimi huiacha bila kusanifishwa.

Makundi nayo yana mtego wake. Rudini kwenye ile pikseli moja: chaneli 64, makundi 32, thamani mbili kwa kundi, na mnapata -1 na 1 kama mwanzo. Punguza makundi yawe 8, au usisawazishe baada ya picha kubanwa kiasi hicho.

Modeli ikishafundishwa, uzito uliosanifishwa unaweza kuhesabiwa mara moja na kuhifadhiwa, hivyo kazini haugharimu kitu. Usawazishaji kwa makundi hauna unafuu huo: wa bechi huweza kuyeyushwa ndani ya konvolusheni iliyotangulia, lakini huu unategemea picha iliyo mbele yake, na lazima uhesabiwe upya kwa kila picha.