Omba Miadi ya Simu, Usimvizie Msambazaji

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Tanga na kwingineko. Leo tuko na jambo la wenye biashara. Masharti ya msambazaji yamekubana, unataka myazungumze upya. Kaka Salim, watu wanaanzaje?

SALIM: Da Zuhura, wengi wanapiga tu simu. Anayepokea ni kijana wa mauzo, yuko barabarani na gari la mzigo. Anakusikiliza vizuri, anasema "nitalifikisha kwa bosi," na likifika, linafika nusu. Wiki mbili baadaye unaona aibu kuuliza tena. Siku za malipo hazibadilishwi na mtu wa mauzo. Zinaidhinishwa na meneja wa fedha au mwenye kampuni, na huyo anahitaji kuangalia akaunti yako kabla ya kusema ndiyo.

ZUHURA: Kwa hiyo unamwomba miadi.

SALIM: Unapendekeza siku na saa kamili, unataja mambo utakayoyaleta, na unampa nafasi ya kujiandaa. Tuchukue mfano. Mama ana tanuri la mikate Ngamiani, unga wa ngano unatoka Dar. Kila Jumatatu anashushiwa mifuko 60 ya kilo 50. Tuseme mfuko ni shilingi 80,000.

ZUHURA: Hiyo ni 4,800,000 kwa wiki.

SALIM: Ndiyo. Msambazaji anampa siku 7 za kulipa. Yeye anauza kwenye shule na hoteli ambazo zinamlipa baada ya siku 30. Kila wiki analipa unga wa mikate ambayo hela yake bado iko kwa watu.

ZUHURA: Na anataka siku ngapi?

SALIM: Siku 21. Wiki mbili zaidi maana yake 9,600,000 zinabaki kwenye mzunguko wake. Sasa hapa ndipo watu wanapokwama, naomba nilieleze taratibu. Akipewa siku 21 halafu kikomo cha deni kikabaki kilekile, hajapata kitu.

ZUHURA: Kikomo cha deni ni kile kiwango cha juu unachoruhusiwa kudaiwa?

SALIM: Hicho. Tuseme kwenye akaunti yake ni 10,000,000. Kwa siku 7 kinatosha, maana mzigo mpya ukishuka, wa zamani unalipwa siku hiyohiyo. Ukiwa na siku 21, mzigo wa kwanza haujalipwa, wa pili umeongezeka, tayari ni 9,600,000. Wa tatu ukiombwa, deni linaruka hadi 14,400,000, na mhasibu anazuia oda. Mama anadhani amefanyiwa hila, kumbe walioandika siku hawakugusa kikomo.

ZUHURA: Anahitaji kikomo cha kiasi gani, basi?

SALIM: Hesabu siku ambayo deni liko juu kabisa. Mzigo wa nne umeshuka, malipo ya wa kwanza yametumwa lakini hayajaonekana kwenye akaunti yao. Hiyo ni mizigo minne, 19,200,000. Aombe 20,000,000. Ndiyo maana kwenye ajenda siku na kikomo vinakaa kwenye mstari mmoja.

ZUHURA: Mengine kwenye ajenda?

SALIM: Mifuko iliyochanika au kulowa, nani anaibeba. Na bei kulingana na wingi wa oda. Mambo matatu yanatosha, dakika 25. Ukiongeza la nne na la tano, kwenye simu mtakimbilia yale mepesi.

ZUHURA: Lakini mimi nina swali. Ukimtajia siku 21 kwenye ujumbe, si umemfunulia karata zako mapema?

SALIM: Kwenye siku za malipo, taja. Yule meneja huenda naye ana wa kumwomba ruhusa, na ukimshtukiza na namba siku ya simu atakujibu "ngoja tukaangalie." Kwenye bei, usitaje punguzo unalotaka. Andika tu kuwa mtazungumzia bei, ambatanisha jumla ya oda za miezi 6, yeye awe wa kwanza kutaja namba. Na kiwango cha chini unachoweza kukubali, hicho hakiandikwi popote pale.

ZUHURA: Siku gani ni nzuri?

SALIM: Angalia oda yako inathibitishwa lini. Mama huyu anathibitisha Alhamisi, kwa hiyo simu iwe Jumanne, kabla hajajifunga kwa mzigo mwingine. Mwisho wa mwezi wahasibu wanafunga vitabu, usiwaguse. Ijumaa mchana watu wako kwenye swala. Ujumbe uende siku kadhaa kabla, kama Jumatano ya wiki iliyotangulia. Nimeuandika hivi:

"Habari za kazi. Naomba tuzungumze kwa simu Jumanne tarehe 14, saa 4 kamili asubuhi (10:00), kwa dakika 25, kuhusu masharti ya oda zetu za unga. Nitapiga mimi. Nina mambo matatu: siku za malipo kutoka 7 hadi 21, pamoja na kikomo cha deni cha 20,000,000, utaratibu wa mifuko iliyochanika au kulowa, na bei kulingana na wingi wa oda zetu. Naomba awepo mwenye mamlaka ya kuidhinisha siku za malipo. Nimeambatanisha taarifa ya akaunti na jumla ya oda za miezi 6. Kama muda huo haufai, napendekeza Jumatano tarehe 15, saa hiyohiyo. Nitashukuru kupata jibu kabla ya Ijumaa tarehe 10, saa 10 jioni."

ZUHURA: Nimependa umeweka saa kwa namna mbili.

SALIM: Lazima. Kalenda ya simu ikiandikiwa 4:00, itampigia kengele alfajiri.

ZUHURA: Na kwetu hapa mtu huanzi barua kwa madai. Salamu moja inatosha?

SALIM: Inatosha, mradi saa na sababu zije mara moja baada yake. Kama ni mzee mmefanya kazi miaka mingi, mpigie umwamkie shikamoo, umwambie ujumbe umetumwa. Mazungumzo yenyewe yasubiri Jumanne.

ZUHURA: Ijumaa ikapita kimya?

SALIM: Jumatatu asubuhi piga ofisini, uliza jambo moja tu: Jumanne au Jumatano? Wakikuvuta uanze kueleza hapohapo, sema kwa upole kuwa utaeleza saa ile, meneja akiwepo.

ZUHURA: Wakikataa siku 21?

SALIM: Wanaogopa kutolipwa, na wana haki ya kuogopa. Wanaweza kudai dhamana ya benki au cheki za tarehe za mbele. Cheki ya hivyo usiisaini kama huna uhakika hela itakuwepo siku hiyo. Hapo taarifa ya akaunti inasaidia, wakiona malipo yote yameingia kwa wakati. Na awe na nafasi ya kurudi nyuma: siku 14, kikomo 15,000,000. Mizigo mitatu ni 14,400,000, inaingia.

ZUHURA: Mifuko iliyolowa?

SALIM: Ipatiwe dakika chache. Mpokeaji aandike idadi kwenye karatasi ya kupokelea mzigo, dereva asaini, picha zitumwe siku hiyohiyo, nao waikate kwenye ankara inayofuata. Dakika 15 za mwanzo ziende kwenye siku na kikomo.

ZUHURA: Simu imekatwa, mmekubaliana. Kinachofuata?

SALIM: Jumanne hiyohiyo, ujumbe mfupi: "Tumekubaliana siku 14, kikomo 15,000,000, kuanzia mzigo wa Jumatatu tarehe 20. Naomba mthibitishe kikomo kimeshabadilishwa kwenye akaunti." Wakijibu kwa maandishi kabla ya Alhamisi, athibitishe oda kwa masharti mapya. Wasipojibu, achukue mifuko 60 kwa masharti ya zamani na aulize tena, maana tanuri haliwezi kulala.