Mama Aende Mjini Bila Kuacha Dawa Nyumbani: Wazee Wetu na Mji wa Kisumu

Habari zenu ndugu zangu wa Kisumu, Ahero, Kondele, Nyalenda, na nyinyi wote mnaonitazama kutoka nyumbani. Mimi niko hapa Aalen, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, na leo nimetoka na kamera niwaonyeshe mlango wa mkahawa. Chakula chao tutakizungumza siku nyingine. Tazameni kibandiko hiki kwenye kioo: kimeandikwa Nette Toilette. Ukikiona mlangoni, ingia, tumia choo, nawa mikono, toka. Hununui hata kikombe cha chai. Mwenye mkahawa analipwa na manispaa kwa ajili ya usafi, na mji unapata vyoo bila kujenga jengo jipya. Mpango huu ulianzia hapa hapa Aalen mwaka 2000, na leo miji zaidi ya 200 ya Ujerumani inao.

Naanza na choo kwa makusudi. Tukizungumza habari ya mji unaowafaa wazee, watu hutaja barabara kwanza, halafu magari, na choo kinakuja mwisho kama kitu cha aibu. Kwa mama yangu choo ndicho kinachoamua kama safari ipo au haipo.

Mama ana miaka 74, anakaa Ahero, na kila baada ya muda anapanda matatu kuja kliniki mjini Kisumu. Miguu yake huvimba, kwa hiyo ameandikiwa furosemidi, ile dawa ya kutoa maji mwilini. Wenye wazazi wanaoitumia mnaijua. Unaimeza asubuhi, ndani ya saa moja inaanza kukupeleka chooni, na inaweza kuendelea hivyo kwa saa sita au zaidi. Sasa hesabu: akimeza saa moja asubuhi, saa zile zote za matatu, foleni na kutembea mjini ndizo saa za dawa. Kwa hiyo mama anafanya wanavyofanya wazee wengi: siku ya kliniki haimezi. Na maji ya kunywa anayaacha tangu jana yake jioni.

Ona linalofuata. Anafika kliniki dawa haijamezwa, labda na ya jana aliikwepa, miguu imevimba. Daktari anaona uvimbe, anadhani dozi haitoshi, anaiongeza. Na huku nje jua la Kisumu la saa sita linampiga mtu ambaye hajanywa maji, anapata kizunguzungu, na kizunguzungu kwenye ukingo wa mtaro ni nyonga iliyovunjika. Choo kimoja kilichokosekana kimefika mpaka kwenye karatasi ya dawa. Wewe unayemsindikiza mzazi wako, mwambie daktari ukweli huo, na muulize kama siku ya safari dawa inaweza kumezwa baadaye akirudi nyumbani. Msiamue wenyewe kuiruka.

Nilipokuwa nyumbani nilitembea naye kutoka stendi hadi kliniki. Simu ilipima karibu mita 600. Mimi peke yangu ni dakika saba. Nilimwachia mama mwendo wake, sikumshika mkono wala kumharakisha, nikawa naangalia anaposimama.

Alisimama mara tatu. Mara ya kwanza alishika grili ya duka la M-Pesa. Mara ya pili aliegemea mti. Mara ya tatu palikuwa na benchi la zege, nikafurahi, lakini mama alilitazama akapita. Nikamuuliza, Mama, mbona huketi? Akasema, "Nikikaa hapo ni nani ataniinua?"

Nilirudi nikalikagua lile benchi. Lilikuwa chini sana, halina mgongo, halina pa kushika. Mtu mwenye magoti mabaya haogopi kukaa, anaogopa kunyanyuka. Benchi la mzee linatakiwa liwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48 hivi, liwe na mgongo, na liwe na mikono ya kusukumia, yaani mahali anapoweka viganja vyote viwili na kujiinua. Ukitaka kujua kama benchi linafaa, usipige picha, mtazame bibi mmoja akiinuka. Akisukuma magoti yake mwenyewe, au akinyoosha mkono kuomba msaada, benchi hilo limekosewa. Na Kisumu tuongeze jambo moja ambalo mwongozo wa huku baridi hauna: kivuli. Benchi la chuma lililokaa juani hadi saa nane mchana halikaliki. Mbao chini ya mwarobaini itatumika kutwa nzima.

Mwongozo wa Uingereza wa njia za watu wenye ulemavu unasema mahali penye watu wengi viti vikae kila baada ya mita 50. Kwa mita zetu 600 hiyo ni kama benchi 11. Najua mtasema pesa hakuna. Basi tuanze na sehemu tatu alizosimama mama, kwa sababu mwili wake umeshatuonyesha pa kuweka. Pale kwenye grili kuna ukuta wa duka wenye nafasi, pale mtini kivuli kipo bure, na benchi la zege linahitaji tu kuongezwa kimo na mikono ya bomba. Lisogezwe pembeni, ili njia ya kupita ibaki angalau mita moja na nusu, la sivyo tumemsaidia anayeketi tukamsukumia barabarani anayetembea. Mnajua wenyewe njia ya miguu inavyoliwa: pikipiki za bodaboda zimepangwa huku, nguo za mitumba zimetandazwa kule, na katikati kifuniko cha mtaro kimeibiwa.

Halafu kuna kuvuka. Wahandisi wengi wakipanga muda wa taa za waenda kwa miguu huhesabu kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Wazee wengi hawafiki hapo, mita 0.8 ni kasi ya kawaida kwa mtu wa umri wa mama. Chukua barabara ya upana wa mita 12. Anayehesabiwa na mhandisi anavuka kwa sekunde 10. Mama anahitaji sekunde 15. Zile sekunde tano za tofauti yuko katikati ya barabara, na matatu imeshaanza kusogea. Singapuri tangu mwaka 2009 wamemruhusu mzee agonge kadi yake kwenye nguzo ya taa, na taa inamwongezea sekunde. Kwetu vivuko vingi havina taa hata kidogo, kwa hiyo dawa ni nyingine: kisiwa katikati ya barabara, chenye ukingo wa kumkinga. Mama atavuka mita sita, karibu sekunde nane, akitazama upande mmoja tu, apumzike, atazame upande wa pili, amalizie. Na kivuko chenyewe kikiinuliwa kama bampu bapa hadi usawa wa njia ya miguu, gari linalazimika kupunguza mwendo na yeye hashuki ukingo. Rangi ya pundamilia peke yake haisimamishi mtu, na mnajua hilo.

Kuhusu matatu nitasema kifupi. Huku basi linainama upande wa mlango na sakafu yake iko chini. Haisi zetu hazitainama. Lakini stendi ikiwa na jukwaa lililoinuliwa kidogo, na dereva akisimama ubavuni mwake badala ya katikati ya barabara, ngazi ya kwanza inapungua. Na sako moja ikiamua kila makanga awe na kistuli imara chenye mpira chini, wazee watalitambua gari hilo wiki ya kwanza.

Sasa turudi chooni. Vyoo vya kulipia mjini vipo. Tatizo ni nani anaweza kuvitumia. Kile nilichoingia na mama kilikuwa kimeinuliwa juu ya tangi, kwa hiyo kuingia ni ngazi nne bila pa kushika. Ndani ni cha kuchuchumaa, vigae vimelowa, na mlango unafunguka kwa ndani. Hilo la mlango ni zito kuliko linavyoonekana. Mzee akianguka ndani, mwili wake unauzuia mlango na hamna namna ya kumfikia. Mlango ufunguke nje, au kufuli liwe la kufunguliwa kutoka nje. Chumba kimoja tu kati ya vyumba sita vya pale kikigeuzwa kuwa cha kukalia, chenye bomba la kushika lililofungwa ukutani kwa boliti za kubeba uzito wa mtu, si gundi wala misumari, na njia ya mteremko badala ya ngazi, wazee wa stendi nzima wamepata choo. Kwa mteremko, kila sentimita 10 za kimo zinahitaji urefu wa mita 1.2. Ukifupishwa zaidi ya hapo unakuwa telezo.

Je, mpango wa Aalen ungefaa Kisumu? Kwa kiasi. Hoteli za chakula ziko nyingi mjini, na kaunti ingeweza kuzilipa, au kuwapunguzia wenyewe ada ya leseni, ili wabandike kibandiko mlangoni. Lakini mkahawa unafungwa, na maji yakikatika mwenye hoteli atakuwa wa kwanza kufunga choo. Hata hapa Jumapili milango mingi imefungwa. Na Kibuye Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko! Kwa hiyo stendi na soko lazima viwe na choo chao chenye mtunzaji na tangi la maji. Mikahawa ijaze nafasi zilizo katikati.

Mkitaka kuipeleka hoja hii, angalieni kwanza barabara ni ya nani. Baadhi ya barabara kubwa za mjini ziko chini ya mamlaka za barabara za serikali kuu, KeNHA au KURA, na kivuko cha huko kaunti haiwezi kukijenga kwa uamuzi wake. Mabenchi ya mitaa ya ndani, vyoo vya soko na stendi, hayo ni ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwe umefika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, kwa hiyo mkisubiri mikutano ya bajeti ya mwaka unaofuata mtakuta miradi imeshapangwa. Pelekeni maombi kwa maandishi kabla ya Agosti, na msiandike "tunaomba mazingira bora kwa wazee." Andikeni jina la mtaa, duka la jirani, idadi ya mabenchi na kimo chake, chumba kipi cha choo kigeuzwe, na mlango ufunguke upande gani. Mchukueni dani, yaani bibi mmoja wa hapo mtaani, atembee hiyo njia, mmoja wenu arekodi video, mwingine aandike kila anaposimama. Karatasi hiyo ndiyo mnayoambatisha.