Hajalipwa, hajalipa

BARAKA: Zuhura, leo naomba nianze mimi. Wiki hii nimemkosea mama wa watu.

ZUHURA: Yule wa mchezo? Hebu waeleze, maana hata mimi uliniambia juujuu tu.

BARAKA: Wasikilizaji wetu wanajua mimi ndiye katibu wa mchezo wetu wa mtaani. Tuko 12. Kila mwezi mwenye zamu anapokea 20,000 kutoka kwa kila mmoja wa wenzake 11, yaani 220,000. Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya mama mmoja, mtu mzima, hajawahi kuchelewesha hata siku moja. Mtunza hazina akasafiri na pesa haikumfikia. Nikaandika kwenye mhtasari: "Hajalipwa 220,000." Jumapili usiku nikautuma kwenye kundi. Asubuhi nakuta ameniandikia: "Mwanangu, hili deni nimelikopa lini?" Kufungua mhtasari, nasoma: "Hajalipa 220,000."

ZUHURA: Herufi moja.

BARAKA: W peke yake. Programu ilipiga mstari mwekundu chini ya "hajalipwa", ikapendekeza "hajalipa". Neno lilikuwa mahali patatu, nami nimechoka, nikabonyeza Change All. Nikapitisha jicho, naona Kiswahili kimenyooka, nikatuma. Watu 12 wamesoma kwamba yule mama ni mdaiwa, na yeye ndiye anayetudai.

ZUHURA: Umemwomba radhi?

BARAKA: Nilikwenda kwake Jumatatu. Na mhtasari nimeutuma upya, nimeandika wazi kilichobadilika. Lakini nilitaka kujua kwa nini imetokea. Programu haijui mchezo wala zamu. Ina orodha ya maneno. Neno lisipokuwemo, inatafuta majirani zake, na kati ya majirani inachagua lile linalotumika sana. Mwaka 1964 Frederick Damerau alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya kuandika ni ya aina nne: herufi imezidi, imepungua, imekosewa, au mbili zilizo jirani zimepishana. Kwa hiyo jirani wa herufi moja ndiye anayeshukiwa kwanza.

ZUHURA: Na kwetu herufi moja inaweza kubeba sentensi nzima.

BARAKA: Ndiyo! Chukua "lipa" peke yake. Nimelipa, hatukulipwa, watakulipia, asipolipishwa. Ukibadilisha nafsi, wakati na mtendwa, kitenzi kimoja kinazaa maelfu ya maumbo. Kama programu haikufundishwa kuvitenganisha viambishi, orodha haiwezi kuyamaliza. Mstari mwekundu mara nyingi unasema tu "hili sijawahi kuliona". Ndiyo maana nimeandika mambo matatu ya kuwapa wasikilizaji leo. La kwanza, neno likibadilishwa, jiulize maswali mawili: nani kamfanyia nani, na jambo limekuwa au halijakuwa? Jibu likigeuka, rudisha neno lako. "Amenilipa" ikiwa "amelipa", aliyepokea ameshapotea. "Hatutakuja" ikiwa "tutakuja", watu watapika chakula cha bure.

ZUHURA: Hilo nakubali. Lakini maswali yako hayo mawili hayangemsaidia bibi yangu.

BARAKA: Bibi amefanyaje?

ZUHURA: Kwani hukumbuki nilikwambia nayanakili mashairi yake? Daftari la zamani, Kimvita kitupu. Kuna mshororo huu: "Nalikuona kwa mato, ukivuka ule mto." Mato ndiyo macho. Nikaandika "mato", kompyuta ikaweka "moto".

BARAKA: "Nalikuona kwa moto."

ZUHURA: Sasa ihesabu. Na-li-ku-o-na-kwa-mo-to, mizani nane. Kina ni "to", kimekaa vilevile. Sarufi haina kasoro. Na mtu anaonekana kwa mwanga wa moto, inaingia akilini kabisa! Mwanafunzi angeweza kuufanyia uchambuzi moto huo, akasema ni moto wa mapenzi. Bibi hakuwasha moto wowote pale. Nimeukamata kwa sababu tu nilikuwa naisoma kwa sauti na daftari liko mkononi.

BARAKA: Hilo ni baya kuliko langu. Langu mwenyewe alilalamika.

ZUHURA: Na bibi ameshatangulia, hawezi kulalamika. Sasa sikiliza, ilinipa na pendekezo la pili: "macho". "Nalikuona kwa macho, ukivuka ule mto." Maana imebaki, mizani nane, lakini kina kimekufa.

BARAKA: Hapo mimi ningechagua "macho".

ZUHURA: Baraka!

BARAKA: Nisikilize, dada. Hicho kitabu si unataka wajukuu wakisome, na wengine wako Dodoma na Mwanza? Mtoto wa Dodoma akikuta "mato" ataona ni kosa la chapa. Na atalisahihisha mwenyewe kichwani. Atalifanya nini? "Moto." Utakuwa umeikataa mashine, halafu msomaji akaifanya kazi ileile. Maana isiyofika imebadilika vilevile.

ZUHURA: Basi nitaweka maelezo chini ya ukurasa.

BARAKA: Nimehariri miaka mingi, watu hawashuki chini ya ukurasa.

ZUHURA: Watashuka, kwa sababu neno litawasimamisha. Unajua Kiswahili sanifu kilikujaje? Mwaka 1928, mkutano ulifanyika hapa hapa Mombasa, ukaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi. Kimvita kikabaki nje, nyumbani kwake. Mimi sigombani na uamuzi ule, na barua zangu za kazi naandika "macho". Lakini bibi alikuwa akisema "mato", "ndia", "ndaa". Ukiviondoa, yule anayezungumza si yeye tena. Hiyo kwangu ni maana.

BARAKA: Hiyo ni sauti. Maana ni kwamba alimwona kwa viungo vya kuonea.

ZUHURA: Katika shairi unavitenganishaje?

BARAKA: Kama vile unavyotenganisha unapolieleza shairi. Dakika moja iliyopita umeniambia "mato ndiyo macho". Umetenganisha.

ZUHURA: Nimekueleza. Sijafuta neno la bibi nikaweka langu. Na kina je? Kina pia ni sauti tu?

BARAKA: Kina nakupa, ni hasara. Lakini ni hasara ndogo kuliko kupoteza msomaji.

ZUHURA: Mimi sikupi chochote.

BARAKA: Na "ndoo" utaiachaje? Kwenu ni "njoo". Huku kwetu ni ya maji.

ZUHURA: Nitaiacha! "Ndoo mwanangu, ndoo." Iko kwenye ukurasa wa pili. Na tazama, hiyo kompyuta wala haikuipigia mstari, kwa kuwa ndoo ya maji imo kwenye orodha yake. Imeipitisha sawa kwa sababu isiyo sawa.

BARAKA: Mtoto atamwona bibi anayemwita ndoo mwanawe.

ZUHURA: Mtoto atamuuliza mama yake.

BARAKA: Kama mama naye ni wa Dodoma?

ZUHURA: Atampigia simu shangazi yake, naye ni mimi.

BARAKA: Naona tumebakiwa na dakika mbili, na mimi nimetoa jambo moja kati ya matatu.

ZUHURA: Yaliyobaki ni yapi?

BARAKA: La Change All, na la kuongeza maneno kwenye kamusi ya simu. Hayatoshi dakika mbili. Hilo la kamusi lina mtego wake, ukiongeza neno lenye kosa litakuwa linapita kila siku. Lakini niseme hili dogo: kwenye kompyuta, neno likijibadilisha tu, bonyeza Ctrl+Z papo hapo. Inarudi herufi ulizoandika mwenyewe, sentensi inabaki.

ZUHURA: Ndivyo nilivyoyarudisha mato ya bibi.

BARAKA: Mimi bado naweka "macho".

ZUHURA: Kwenye kitabu chako. Yule mama ameshalipwa?

BARAKA: Jana jioni. 220,000, nimeziandika mwenyewe kwa kalamu, "amelipwa".