Swali la Hatia kwenye Fomu ya Kazi
(Mhadhara kwa watafuta kazi, Mombasa)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka ng'ambo ya kivuko mapema hivi.

Miaka kumi na tisa nilikaa upande wa pili wa meza: ofisi ya wafanyakazi, kazi yangu kupokea fomu na kuzisoma. Kuna mtu mmoja niliyempa barua ya kuachishwa kazi kwa mkono wangu, na mpaka leo namkumbuka. Alikuwa karani wa ghala, miezi saba kazini, hachelewi, hesabu zake hazipungui hata gunia moja. Kwenye fomu aliulizwa kama amewahi kupatikana na hatia ya kosa la jinai, akaandika «Hapana». Cheti chake cha tabia njema kilipoletwa, kilikuwa na kosa la bangi, la miaka kumi na miwili nyuma, alilolipia faini. Mkuu wetu alisoma, akanyamaza, kisha akasema: «Angeniambia, ningemwajiri vilevile.» Barua niliyoiandika haikutaja bangi hata mara moja. Ilitaja neno «Hapana».

Nilipomwita, aliniambia: «Mama, mimi sikufungwa. Nililipa, nikaenda nyumbani.» Na alikuwa anasema ukweli kama alivyoujua yeye. Ndiyo sababu leo sitaanza na namna ya kujibu. Nitaanza na jambo ambalo wengi wetu hatulijui, yaani kesi yetu wenyewe iliishaje.

Jumamosi usiku watu wamekamatwa kwenye msako, wamelala selo, Jumatatu asubuhi wanapandishwa kizimbani kumi na watano kwa mpigo. Karani anasoma shtaka. Mtu anataka kurudi nyumbani, anasema «Ni kweli.» Hakimu anatoa faini, jamaa wanachanga, risiti inatolewa, kesi imekwisha. Lakini pale aliposema «Ni kweli», na hakimu akaandika kwamba amekiri, alipatikana na hatia. Faini ni adhabu, na adhabu hufuata hatia. Hali ni hiyo hiyo kwa madereva mliopelekwa korti ya trafiki kwa mwendo wa kasi mkalipa pale pale. Fomu ikiuliza kuhusu «kosa lolote», hilo nalo limo.

Upande mwingine, wapo wanaojibebesha mzigo usio wao. Mama mmoja alikuja kwangu akiwa ameandika «Ndiyo» kwenye fomu tatu, na mara tatu hakuitwa. Tulipofungua faili yake tukakuta upande wa mashtaka uliondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Kuondolewa namna hiyo hakuzuii mtu kushtakiwa tena, hilo lazima mlijue, lakini hatia hapo hakuna. Vivyo hivyo aliyeambiwa hana kesi ya kujibu, au aliyeachiliwa huru baada ya ushahidi wote kusikizwa. Huyo akiulizwa «Umewahi kupatikana na hatia?» na akajibu «Hapana», hajaficha chochote.

Probesheni ndiyo inayochanganya watu kuliko zote. Vijana wawili wanaweza kupewa probesheni siku moja, korti moja, na jibu lao kwenye fomu likawa tofauti. Sheria yetu ya probesheni inampa hakimu njia mbili: anaweza kumtia mtu hatiani halafu ampe probesheni, au, akiona shtaka limethibitika, ampe probesheni bila kumtia hatiani. Mtu mwenyewe hawezi kukumbuka kwa kichwa ni ipi aliyopewa. Afisa wa probesheni anaweza kukueleza, lakini jibu lenyewe limeandikwa kwenye amri ya korti.

Basi nenda ukaisome. Unahitaji nambari ya kesi na mwaka. Kama umeipoteza, tafuta risiti ya faini au ya dhamana, au ile karatasi ya mashtaka; nambari iko hapo. Nenda masijala ya korti iliyosikiliza kesi, andika barua fupi ya kuomba nakala iliyothibitishwa ya hukumu au amri, lipia kurasa, na usitoke bila muhuri wa korti kwenye nakala yako. Faili ya zamani huenda ikawa imepelekwa stoo, ukaambiwa urudi mara mbili tatu. Rudi.

Karatasi hiyo ina kazi nyingine pia. Cheti cha tabia njema mnakijua: unaomba kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24, unapigwa alama za vidole, na alama zile zinalinganishwa na kumbukumbu za DCI. Sasa, polisi walipokukamata walichukua alama zako. Korti ilipokuachilia, habari ya kuachiliwa haikusafiri yenyewe mpaka kwenye kumbukumbu zile. Nimeona watu walioachiliwa huru ambao kesi yao bado inaonekana kama haijaisha. Wao ndio wanaopaswa kupeleka ile nakala yenye muhuri DCI, waombe kumbukumbu irekebishwe. Fanya hivyo kabla ya kuomba kazi. Mwajiri akishika cheti chenye doa siku ile ile anayotaka kujaza nafasi, hatakungoja.

Tukishajua kilichoandikwa korti, ndipo tusome swali. Lisome neno kwa neno, na kama fomu ni ya Kiingereza na hujakielewa, muulize mtu kabla hujatia kalamu. Kukamatwa, kushtakiwa na kupatikana na hatia ni mambo matatu mbalimbali. Aliyeachiliwa huru, akiulizwa kama amewahi kushtakiwa, anaandika: «Ndiyo. Niliachiliwa huru.» Halafu anataja mwaka na korti, basi. Mwenye kesi inayoendelea, akiulizwa hilo, anaandika kwamba ipo, amekana mashtaka, na tarehe ya kutajwa. Katiba yetu, kifungu cha 50, inamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na anaweza kuliandika hilo pia kwa sentensi moja. Asianze kuitetea kesi kwenye fomu ya kazi. Maneno yale yanaweza kumrudia kortini, na wakili wake hatafurahi.

Sasa nataka niwaonyeshe jibu lilivyoandikwa, maana hapa ndipo watu wanapokwama. Kijana mmoja, nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane, mwaka 2018 alikuwa na umri wa miaka 22, mpakiaji kwenye yadi ya malori. Alishtakiwa kwa wizi, akakiri, akapewa utumishi wa jamii miezi sita. Alifagia na kupalilia uwanja wa zahanati mpaka akamaliza. Miaka sita baadaye aliomba kazi ya kutunza stoo. Swali lilikuwa wazi: «Umewahi kupatikana na hatia ya kosa la jinai? Kama ndiyo, eleza.» Mistari minne ya kujaza.

Alikuja na hiki: «Ndiyo, lakini nilisingiziwa na watu waliokuwa na wivu, na polisi walinilazimisha, na mimi ni mcha Mungu, nina watoto wawili, naomba mnionee huruma.»

Nikamuuliza: «Mwanangu, uliiba?» Akatazama chini kwa muda. «Niliiba, mama. Betri mbili za lori.»

Basi kilichoharibu jibu lake ni nini? Alikuwa amekiri kortini, na kukiri kwake kumeandikwa. Mwajiri akiona neno «nilisingiziwa» na kwenye rekodi pana «amekiri», atahesabu uongo wa pili juu ya wizi wa kwanza. Kuna mtu ambaye kweli alisingiziwa akakiri kwa woga. Huyo aende kwa wakili au ofisi ya msaada wa sheria aulize kuhusu rufaa, kwa sababu mistari minne ya fomu haiwezi kubatilisha hukumu. Na watoto wawili hawakuulizwa. Msomaji anapokutana na huruma mahali alipotarajia maelezo, anadhani kosa ni kubwa kuliko lilivyo. Mimi nilikuwa nikidhani hivyo, nakiri.

Tukakaa na nakala ya korti mbele yetu, tukaandika upya: «Ndiyo. Mwaka 2018, Korti ya Mombasa, nilikiri kosa la wizi wa betri mbili za lori mahali nilipokuwa nikifanya kazi. Nilipewa utumishi wa jamii miezi sita, nikaumaliza wote. Sina kosa jingine. Tangu 2020 nimefanya kazi ya kupokea na kuhesabu mizigo kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye yuko tayari kuulizwa. Nakala ya korti ninayo.»

Aliogopa sana yale maneno «mahali nilipokuwa nikifanya kazi». Akataka tuyafute. Nikakataa, kwa sababu stoo ni kazi ya kuaminiwa na mali, na mwajiri atakapojua baadaye kwamba wizi ulikuwa wa kazini, hilo ndilo litakaloonekana kuwa limefichwa. Lakini yule mfanyabiashara tulimpigia simu kwanza, tukamweleza kila kitu, ndipo tukamtaja. Usimtaje mdhamini ambaye habari hii ataisikia kwa mwajiri.

Usaili nao tuliufanyia mazoezi, mimi nikiwa mwajiri. «Uliiba kwa nini?» Mara ya kwanza alizungumza dakika tano nzima, kuhusu baba yake, kodi ya nyumba, rafiki aliyemshawishi. Mara ya nne alisema: «Nilikuwa na deni, nikaona betri hazihesabiwi. Nilifanya vibaya. Mwenye yadi nilimlipa.» Akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomchukua siku mbili kuzoea.

Nisiwadanganye: kazi ile hakuipata. Walimwambia wazi kwamba stoo hawawezi kumpa. Kampuni ya pili haikumjibu. Ya tatu ilimwita, afisa akasoma ile mistari, akauliza swali moja tu, «Mwenye yadi ulimlipaje?», naye akajibu kwamba ni shilingi elfu mbili kila mwisho wa mwezi, mpaka deni likaisha. Wakamweka kwenye upakiaji, si stoo, na mkataba wa majaribio. Cheti cha tabia njema kilipofika ofisini kikiwa na kosa lake, kililinganishwa na fomu, kikatiwa faili. Hakuitwa na mtu. Jioni alinipigia simu kunieleza kwamba hakuitwa, na alikuwa akilia.

Walio na nambari za kesi, au hata risiti peke yake, wabaki nami hapa mbele tuandike zile barua za masijala.