Glopu ya kwanza haili mkondo: somo la Tabiri, Tazama, Eleza

Habari walimu wenzangu, karibuni maabara yetu hapa Uyole, Mbeya. Leo tunashughulikia kosa moja tu la kidato cha pili: kudhani kwamba glopu ya kwanza inakula mkondo, kisha ya pili inapata masalia.

Andaa betri mbili za tochi za volti 1.5, glopu mbili za tochi za aina moja, swichi, nyaya na ammita moja. Kabla wanafunzi hawajaingia, zijaribu glopu zako. Ziunge kwa mfululizo, washa, kisha zibadilishane nafasi. Ukiona moja inang'aa zaidi popote unapoiweka, tafuta nyingine, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuharibia somo.

Sasa tazama mezani. Waya unatoka ncha chanya ya betri, unapita swichi, glopu A, glopu B, unarudi ncha hasi. Swichi imezimwa. Uliza: "Nikiwasha, ipi itang'aa zaidi, A au B, au zitalingana?" Kila mmoja aandike jibu na sababu yake kwa kalamu ya wino. Usiruke hapo. Asiyeandika, akishaona matokeo atasema alijua tangu mwanzo, na wewe hutajua alikuwa anawaza nini.

Zisome sababu kwa makini kuliko majibu. Mwanafunzi wangu mmoja anayetoka Mbarali, kwao wanalima mpunga, aliandika kwamba A itang'aa zaidi. Nikamwuliza kwa nini. "Mwalimu, mwenye jaruba la juu ndiye anayeshiba maji. Wa chini anapata kilichobaki." Ana haki ya kuwaza hivyo, maana kwenye mfereji ndivyo ilivyo. Na lugha yetu inamuunga mkono: tunasema pasi inakula umeme, tunasema umeme wa LUKU umeisha. Ndiyo maana mimi sifundishi saketi kwa mfano wa mfereji.

Washa swichi. Wape nafasi ya kutazama kimya, waandike walichokiona. Zinalingana.

Usifurahi bado. Atatokea wa kusema: "Tofauti ipo, ila ni ndogo, macho hayaioni." Ni hoja nzuri, inastahili kipimo. Chukua ammita. Tutaiweka sehemu tatu: kabla ya A, kati ya A na B, na baada ya B. Watabiri tena kwanza, safari hii kwa namba. Mwambie: "Ikisoma ampia 0.22 kabla ya A, itasoma ngapi katikati?" Wengi wataandika nusu yake.

Zima swichi kila unapohamisha ammita. Ukiiacha ikiwaka muda mrefu, betri zinachoka, usomaji wa tatu unashuka hadi 0.20, na darasa zima linashangilia kwamba mkondo umeliwa. Likikutokea hilo, rudisha ammita kabla ya A, upime upya. Utakuta hapo napo pameshuka, na wataona wenyewe kwamba tatizo ni betri. Zikiwa nzima, sehemu zote tatu zinasoma sawa.

Tunaingia kwenye kueleza. Waache wabishane wao kwa wao kabla hujafungua mdomo, kisha uliza: kama mkondo haupungui, mbona betri inaisha? Hapa ndipo somo lilipo. Kinachotolewa kwenye glopu ni nishati, inatoka kama mwanga na joto. Chaji zenyewe zinazunguka na kurudi zote. Hata uniti za LUKU ni kipimo cha nishati, siyo cha mkondo.

Mimi natumia mnyororo wa baiskeli. Pini zake hazipungui zikifika gurudumu la nyuma, zinarudi zote kwenye pedali, lakini jasho la mpanda baiskeli limefika kwenye gurudumu. Ukianza kupanda Mlima Nyoka kwa nguvu ileile ya miguu, mnyororo wote unapunguza mwendo kwa pamoja, mbele na nyuma.

Malizia na utabiri wa tatu, kwa sababu jaribio moja halitoshi kung'oa wazo la miaka mingi, na wapo waliojibu "zitalingana" kwa kubahatisha. Saketi inawaka. Uliza: "Nikiilegeza glopu B, A itafanya nini?" Anayeamini mkondo unafika A kwanza ataandika kwamba A itaendelea kuwaka, pengine hata kuongeza mwanga. Waandike. Ilegeze taratibu, vidole viwili, wote wakitazama A.

Imezimika papo hapo. Yule wa Mbarali alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe mnyororo umekatika." Nikampa chaki aende ubaoni awaeleze wenzake.