Kazi ya ulinzi au udereva Dar bila dalali: tunaandaa bahasha

Haya, karibuni tena hapa steshenari kwangu Mbagala. Bahasha nauza, sikatai, lakini leo nakuonyesha cha kuweka ndani na pa kuipeleka.

Namba ya NIDA, vyeti, picha ndogo. Dereva, ongeza nakala ya leseni. Hayo mnayajua, twende.

Sasa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Sogeza kamera. Picha inabandikwa kwanza, ndipo mhuri unapigwa: nusu juu ya picha, nusu kwenye karatasi. Picha kwanza! Mimi nilipoomba ulinzi niligongewa mhuri, nikaenda kubandika picha nyumbani. Ofisini wakaibandua kwa kucha, wakanirudishia, na nauli ya Mikocheni ikaenda hivyo. Tazama huu wa mfano... ah, wino umeniziba jicho. Ngoja nichukue nyingine. Haya, mnaona? Wadhamini wako wawili nao, kila mmoja na barua ya mtaa wake, hivyohivyo. Picha kwanza, mhuri baadaye.

Bahasha imekamilika. Achana na matangazo ya kwenye nguzo za umeme, nenda kwa mlinzi aliye lindoni. Nenda asubuhi wanapobadilishana zamu. Usiku utaonja rungu. Soma jina la kampuni begani, msalimie, kisha muulize: mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi? Akicheka kabla ya kujibu, hamia geti jingine. Walinzi watatu wa malindo tofauti wakikutajia tarehe moja, ulizia ofisi yao, upeleke mwenyewe.

Sare wanaweza kukukata kwenye mshahara. Lakini ukiambiwa utume hela ya fomu kwenye simu, na jina linalotokea ni la mtu, huyo ni dalali aliyevaa tai. Huduma ya ajira ya serikali, TaESA, inakuandikisha bure kabisa.

Dereva, nafasi nzuri haifiki kwenye tangazo. Dereva anayeacha gari ndiye anayeulizwa na bosi, "Nani unamwamini?" Kwa hiyo kaa karibu na madereva. Na leseni halisi bosi aione, irudi mfukoni. Mteja wangu mmoja alimwachia dalali Kariakoo eti aipeleke kwa bosi. Bosi hakuonekana, leseni akaikomboa kwa elfu hamsini. Usiache leseni. Nakala nakutolea hapa, hata kumi.

Dada wa kazi za ndani, apitie kwa mtu anayezijua pande zote mbili. Kabla hajapanda basi, mama yake aongee na bosi kwa simu, mshahara na siku ya mapumziko vitajwe binti akisikia.

Nilitaka kuwaonyesha na barua ya maombi, ila mteja kaingia. Karibu kaka. Picha za barua ya mtaa? Sawa, kaa hapo. Mhuri hujagongewa, eh?

Umeshagongewa.

Zima kamera, zima.