Mkono unasema 92, monita inasema 126

Shikamooni wazee. Wauguzi wenzangu na wahudumu wa afya wa vijijini, karibuni Lindi, poleni na joto la humu ukumbini.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa muuguzi mgeni kazini, alilazwa bibi mmoja, mke wa mkulima wa korosho, akihema hata akikaa. Monita ilionyesha mapigo 126. Nikamshika mshipa wa mkono, nikahesabu 92. Nikaona monita imeharibika. Nikabandua vibandiko vya kifuani, nikabandika vipya, bado 126. Basi nikaandika 92 kwenye faili, nikaenda zangu kwa mgonjwa mwingine.

Monita haikuwa na kosa, na vidole vyangu havikuwa na kosa. Tulikuwa tunahesabu vitu viwili tofauti. Monita inahesabu umeme: kila moyo unapopata amri ya kujikaza, inaongeza moja. Vidole vinahesabu wimbi la damu lililofika mkononi. Moyo ukienda kwa mpangilio, kila amri huleta wimbi lake, namba zinalingana, na ndiyo maana tumezoea kusema mapigo ya moyo na mapigo ya mshipa kana kwamba ni kitu kimoja.

Yule bibi vyumba vya juu vya moyo wake vilikuwa vinatetemeka badala ya kujikaza. Amri zikawa zinashuka vyumba vya chini ovyo ovyo, mbili zimebanana, moja imechelewa. Sasa fikirini mtu anayechota maji kisimani. Ndoo ikizama ikajaa, anavuta ndoo nzima. Akiivuta kabla haijazama, amefanya kazi ya kuvuta, lakini maji ni ya kunawa tu. Moyo nao hujaa unapolegea. Pigo likija mapema mno, chumba cha chini kinajikaza na damu kidogo. Wimbi linakuwa dhaifu na kuishia njiani. Mara nyingine shinikizo halitoshi hata kufungua vali ya kutokea. Kwa bibi yule, mapigo 34 kila dakika yalikuwa ya namna hiyo.

Daktari alinionyesha bila kunigombeza. Alinipa stetoskopu niiweke chini ya chuchu ya kushoto, nafasi ya tano kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Mkono wangu mwingine ukabaki kwenye mshipa. Nikasikia lub-dup, vidole vikaguswa. Mara lub-dup nyingine ikafuata upesi, vidole vikimya. Safari moja moja nilisikia “lub” peke yake bila “dup”: vali ya kutokea haikufunguka, basi haikuwa na cha kufunga.

Kipimo chenyewe hufanywa na watu wawili wakitazama saa moja ya mshale. Mmoja anasikiliza kifuani, mwenzake anashika mshipa upande wa kidole gumba cha mgonjwa, kwa vidole viwili. Kidole gumba chako kiache, kina mshipa wake, utajihesabu mwenyewe. Mnaanza pamoja, mnamaliza pamoja, dakika nzima. Ile tabia yetu ya sekunde 15 mara 4 haifai hapa: ukikosa pigo moja umekosa manne, na robo dakika moja haifanani na nyingine.

(Hapa mzee mmoja wa Mingoyo aliuliza: “Mwanangu, na kile kibano cha kidoleni?”)

Swali zuri, baba. Kibano kinaangalia damu inayopita kidoleni, kwa hiyo kiko upande wa vidole vyangu. Kwenye monita moja unaweza kuona HR 126 na PR 92, na zote ni za kweli. Ila msiiamini monita kipofu: mgonjwa akitikisika, au mawimbi ya umeme yakiwa marefu kupita kawaida, inaweza kuhesabu pigo moja mara mbili. Anayeamua ni sikio kifuani. Likisema 126, monita iko sawa.

Kuna hali nyingine inayotisha zaidi. Kila pigo zuri linafuatwa na pigo la kabla ya wakati. Kifuani 76, mkononi 38. Ukiangalia mkono tu utadhani moyo umezembea, na kumbe hata haujachelewa. Anahitaji kipimo cha umeme wa moyo kabla mtu hajaandika dawa ya kuukimbiza.

Bibi yule alipewa dawa ya kupunguza kasi. Siku chache baadaye kifuani tulipata 84, mkononi 80. Moyo ulipotulia, ndoo ilipata muda wa kujaa. Mdundo wenyewe bado ulikuwa wa ovyo, lakini alilala kwa mto mmoja.

Kwenye faili nikaandika: moyo 84, mkono 80, dakika nzima, watu wawili.